Mteja kapanda kifurushi huku ankara ya mwezi haijalipwa: hesabu yangu inavuja wapi?

Salma_M (mleta mada)

Wakuu habari zenu. Nina mfumo wa kulipia huduma kwa mwezi, nimeuandika mwenyewe, na umefanya kazi vizuri kwa karibu mwaka mzima. Wiki hii nilikuwa nalinganisha ankara na fedha zilizoingia benki, nikakuta pengo. Nimelifuatilia mpaka kwa mteja mmoja, na baada ya kumwelewa huyo naona wapo wengine wa aina yake.

Alikuwa kwenye kifurushi kidogo cha 3,000 kwa mwezi. Tarehe 1 Juni mfumo ulijaribu kuhuisha, kadi ikagoma, sababu iliyorudi ni `insufficient_funds`. Sisi humwachia mteja huduma kwa siku 14 huku tukiendelea kujaribu kadi, kwa hiyo hakukatiwa. Tarehe 11 Juni, mwanzo kabisa wa siku, akaweka kadi mpya na papo hapo akapanda kwenda kifurushi kikubwa cha 9,000.

Mfumo ukapiga hesabu ya siku zilizobaki. Juni ina siku 30, zimetumika 10, zimebaki 20. Akarudishiwa siku 20 za kifurushi kidogo, yaani 2,000. Akatozwa siku 20 za kifurushi kikubwa, yaani 6,000. Tofauti 4,000, kadi mpya ikapita, usajili ukarudi kuwa hai.

Sasa ile ankara ya 3,000 ya tarehe 1 haikulipwa kamwe. Mteja ametoa 4,000 tu kwa mwezi mzima. Nimeirudia fomula ya mgawo wa siku mara nyingi na sioni kosa. Kosa liko wapi?

---

Baraka88

Mkuu hapo mbona kunaonekana. Umemrudishia mtu 2,000 ambayo hajawahi kuitoa! Rejesho ni la fedha iliyolipwa. Weka sharti moja tu: ankara ya kipindi ikiwa haijalipwa, rejesho liwe sifuri. Mteja atozwe 6,000 kamili, mambo yaishe.

---

mteja_mchovu

Mimi sijui kuandika mifumo, lakini uzi huu umenigusa. Mwezi uliopita nilipandisha kifurushi cha huduma moja ninayotumia, nikakatwa mara mbili ndani ya dakika moja, viasi viwili tofauti. Nikaandika kulalamika, jibu likawa "hesabu iko sahihi". Sahihi vipi na nimebofya mara moja? Nyie mnaotengeneza hii mifumo mtuonee huruma.

---

fundi_mkongwe

Salma, fomula yako ni nzima, iache kama ilivyo. Tazama thamani ya huduma aliyopata mteja: siku 10 za kifurushi kidogo ni 1,000, siku 20 za kikubwa ni 6,000, jumla 7,000. Sasa jumlisha ankara zako mbili: 3,000 ya tarehe 1 na 4,000 ya tarehe 11. Ni 7,000. Zimelingana.

Kwa hiyo lile rejesho la 2,000 ni halali kwa sharti moja, kwamba ile 3,000 bado anadaiwa. Anadaiwa mwezi mzima wa kifurushi kidogo, kisha anarudishiwa sehemu ambayo hataitumia. Ukiuangalia mgawo wa siku peke yake utaona fedha imetolewa bure, ila ukiuweka kando ya deni unakaa sawa.

Swali langu ni hili: baada ya tarehe 11, ile ankara ya 3,000 ilipatwa na nini? Nahisi kuna mahali msimbo wako unaacha kuidai usajili ukishakuwa hai.

Baraka, njia yako inamuumiza mteja. Ukimtoza 6,000 bila rejesho na ile 3,000 ikabaki kudaiwa, anatoa 9,000 kwa huduma ya 7,000. Umemzidishia 2,000, ambayo ndiyo ileile uliyomnyima.

---

Salma_M

Fundi, umepiga penyewe. Nimefungua kazi inayotembea kila usiku:

```
if usajili.hali == "hai":
    majaribio.futa(usajili.id)
```

Niliandika hivyo nikiwa na maana kwamba usajili ukirudi kuwa hai basi deni limekwisha. Wakati ule mtu hakuwa na njia nyingine ya kurudi kuwa hai isipokuwa kulipa ankara iliyogoma. Kupanda kifurushi tulikuja kukiongeza miezi kadhaa baadaye, na sikukumbuka mstari huu. Kisha mwisho wa mwezi kuna kazi nyingine inayofunga ankara zilizokosa majaribio kuwa hazikukusanyika. Kwa hiyo deni lilifutwa na mimi mwenyewe.

---

fundi_mkongwe

Ndiyo. Hili nimeliona kwenye mifumo mingi, na chanzo huwa hicho hicho: hali ya usajili imefanywa ijibu maswali mawili. La kwanza ni kama mteja apewe huduma leo. La pili ni kama mteja anadaiwa. Majibu yanaweza kupishana, na kwa siku zako 14 za uvumilivu yanapishana kila siku, kwa sababu unampa huduma mtu anayedaiwa. Majaribio ya kadi yafungwe kwenye ankara. Ankara ikilipwa, yakome. Ankara ikifutwa kwa uamuzi wa mtu, yakome. Usajili ukibadilika hali, yasiguswe.

Na angalia upande wa kushuka, huko ndiko kubaya zaidi. Chukua mteja wa kifurushi kikubwa. Ankara ya 9,000 imegoma tarehe 1. Tarehe 11 anashuka kwenda kidogo. Rejesho la siku 20 za kikubwa ni 6,000, gharama ya siku 20 za kidogo ni 2,000. Hapo hakuna cha kumtoza, mfumo unamwekea 4,000 kwenye salio lake. Sasa msimbo wako ukiifuta ile 9,000, mtu ambaye hajatoa hata senti ana akiba ya 4,000 kwako.

Tarehe 1 Julai ankara ya 3,000 inakatwa kwenye salio na kuandikwa imelipwa. Kadi haikuguswa, kwa hiyo hakuna kilichogoma, na ripoti yako ya kadi zilizokataliwa iko safi. Agosti salio lililobaki ni 1,000, kadi inatozwa 2,000 tu. Unaweza kukaa miezi miwili bila kuona chochote.

---

Baraka88

Fundi nakubali kuhusu ile 9,000, sikuijumlisha. Lakini kwangu ankara ya zamani hufutwa kabisa mteja anapopanda, kisha anatozwa 6,000. Yaani hadaiwi mara mbili. Kwa hiyo kwangu hasara ni ndogo.

---

fundi_mkongwe

Kwako unapoteza 1,000, zile siku 10 alizotumia tarehe 1 hadi 10. Kama ndivyo mlivyoamua, kwamba siku za uvumilivu ni zawadi kwa anayepanda, sawa, ni uamuzi wa biashara. Ila uandikwe mahali kama uamuzi, kwa sababu mtu atakayekuja baada yako ataona ankara zilizofutwa na hatajua kama ni makusudi.

---

Mhasibu_Tatu

Naomba niingilie hapo kwenye "kufuta". Ankara ikishatumwa kwa mteja na kuingia vitabuni, usiifute wala usiibadilishe kiasi. Imetoka na namba yake, pengine na kodi ndani yake, na mteja wa kampuni huenda ameshaiingiza kwenye vitabu vyake pia. Ukitaka kuipunguza toa krediti noti inayoitaja ile ankara kwa namba. Kwa mfano wa Salma, unatoa krediti noti ya 2,000 dhidi ya ankara ya 3,000, inabaki 1,000 ya kudai, kisha unatoa ankara mpya ya 6,000. Jumla ni 7,000 ileile ya Fundi, ila kila hatua ina karatasi yake.

Huwa naletewa vitabu ambavyo mwezi uliofungwa unabadilika jumla kila ukifunguliwa, kwa sababu msimbo unarudi nyuma na kufuta ankara. Hakuna mhasibu anayeweza kufanya kazi hivyo.

---

Salma_M

Asanteni. Sasa nina maswali mawili. Nitawapataje wote walioathirika? Na kwa mbele, mteja akibofya "panda" huku anadaiwa, nifanye nini hasa? Nimdai kwanza, au niunganishe?

---

fundi_mkongwe

La kuwapata: kila rejesho linapaswa kujua lilitokana na ankara gani. Kama mistari yako inabeba hiyo rejea, swali ni fupi.

```
SELECT r.mteja_id, r.kiasi, a.namba
FROM marejesho r
JOIN ankara a ON a.id = r.ankara_chanzo
WHERE a.hali <> 'imelipwa';
```

Yeyote atakayetokea hapa ana rejesho linaloegemea fedha ambayo haijaingia. Hao si wote wenye makosa. Yule ambaye ankara yake bado inadaiwa na majaribio yanaendelea yuko sawa. Waliofungiwa deni ndio pengo lako.

Kama hukuhifadhi rejea, itabidi ulinganishe kwa tarehe: rejesho lililozaliwa ndani ya kipindi cha ankara ambayo haikulipwa. Inafanya kazi, ila itakuletea na wasiohusika, hasa wale waliobadili kifurushi mara mbili ndani ya mwezi mmoja.

La mbele: mimi hudai deni kwanza. Mteja anabofya, mfumo unamwonyesha mistari mitatu kabla ya kuthibitisha: deni la tangu tarehe 1 ni 3,000, tofauti ya kupanda ni 4,000, jumla ya leo ni 7,000. Akikubali, unajaribu 3,000. Ikigoma, unaishia hapo, kifurushi hakibadiliki. Ikipita, unajaribu 4,000. Hiyo ya pili ikigoma, angalau deni limekwisha na mteja anabaki na kifurushi chake cha zamani akiwa hana shida yoyote.

Na hata kama hapandi kifurushi, mteja akiweka kadi mpya wakati ana ankara iliyo wazi, ijaribu saa hiyohiyo. Usisubiri zamu ya jaribio la siku tatu zijazo. Yuko mbele ya skrini, amekusudia kulipa, na benki ikitaka athibitishe kwa namba ya siri, yupo wa kuthibitisha. Ukimtoza usiku wa manane benki ikaomba uthibitisho, hakuna wa kujibu, na unapata `authentication_required` ambayo kurudiarudia hakutaitibu.

---

mteja_mchovu

Subirini. Hiyo ya 3,000 halafu 4,000 ndani ya dakika moja ndiyo iliyonipata mimi! Nimeangalia ujumbe wa benki sasa hivi. Kiasi cha kwanza ni kile cha mwezi nilichokuwa nalipa kabla ya kupanda. Na kweli mwezi ule kadi yangu ilikuwa imeisha muda, nilipata barua pepe nikaiacha. Kumbe walinidai la zamani kwanza. Hakuna aliyenieleza, na ile mistari mitatu anayoisema fundi mimi sikuiona popote, niliona kitufe tu.

---

Mhasibu_Tatu

Ndiyo sababu mimi ningependelea kutoza mara moja. Ankara mbili, malipo moja ya 7,000, risiti moja inayotaja zote mbili. Mteja anaona kiasi kimoja benki na kinafanana na alichokubali kwenye skrini. Huduma kwa wateja wanapumua.

---

fundi_mkongwe

Nakuelewa, na nimewahi kufanya hivyo. Shida yake: mtu aliyegoma kwa salio pungufu ndiye unayemwomba kiasi kikubwa zaidi. Kadi yenye 5,000 ingelipa deni la 3,000, lakini 7,000 itagoma yote na unabaki mikono mitupu. Kwa wateja ambao kadi iliisha muda, kama huyu ndugu hapa juu, kutoza mara moja ni bora bila shaka. Kwa wale wa salio pungufu, mimi bado nagawa. Sijapata jibu moja linalowafaa wote, kwa hiyo mfumo wangu unaangalia sababu ya kugoma ndipo unaamua.

---

nuru_x

Nami nina langu linalofanana. Kwangu mteja anaonyeshwa 4,000 kwenye skrini, akithibitisha anatozwa 3,998.61. Wengine wananiandikia kuuliza. Ni kosa la kukata desimali?

---

fundi_mkongwe

Hapana, hiyo ni saa. Mfumo wako unagawa kwa sekunde, na mteja alikaa kama dakika 10 kati ya kuona bei na kubofya. Tofauti ya vifurushi ni 6,000 kwa siku 30, yaani dakika 43,200. Kila dakika ni karibu 0.139, dakika 10 ni 1.39. Toa kwenye 4,000 unapata hiyohiyo yako.

Hifadhi saa uliyopigia hesabu ya kumwonyesha, kisha uitumie ileile wakati wa kutoza. Ukitumia Stripe, ndiyo kazi ya `proration_date`: unapeleka thamani moja kwenye hakikisho na kwenye badiliko lenyewe. Ukiandika mwenyewe, unaweza kugawa kwa siku nzima, ni rahisi kumweleza mteja. Mimi nagawa kwa siku. Kwa bei za mwezi, sekunde hazijawahi kuniletea faida inayolipia barua pepe za maswali.

---

nuru_x

Natumia Stripe kweli. Basi niulize lingine palepale. Nikiacha mipangilio ya kawaida, mteja anapanda kifurushi lakini hatozwi chochote siku ile. Tofauti inakuja kwenye ankara ya mwezi unaofuata. Ni sawa?

---

fundi_mkongwe

Ndivyo `create_prorations` inavyofanya, na ndiyo ya kawaida pale: inaandika mistari na kuiacha ingojee ankara inayofuata. Kwa mfano wa Salma, tarehe 1 Julai mteja angeletewa 9,000 ya mwezi mpya na 4,000 ya mwezi uliopita, jumla 13,000 kwa mtu aliyezoea kulipa 3,000. Kadi nyingi hugoma hapo, na mteja ambaye kadi yake imepita anahoji benki. Nawe umeshampa huduma kubwa siku 20 bila kujua kama kadi yake inaweza kuilipia.

Mimi kwa kupanda hutumia hivi:

```
proration_behavior=always_invoice
payment_behavior=pending_if_incomplete
```

Ya kwanza inatoa ankara ya tofauti papo hapo. Ya pili inazuia kifurushi kisibadilike mpaka malipo yapite. Lakini zingatia, hizi mbili hazikuondolei tatizo la mleta mada. Hesabu ya rejesho bado inapigwa kana kwamba kipindi kimelipwa, hata kama ankara yake iko wazi. Kudai deni kwanza ni kazi ya msimbo wako.

---

Baraka88

Nimeendesha lile swali la hifadhidata kwangu. Kwa kuwa sitoi rejesho halikuleta kitu, ila nimeona ankara zilizofutwa siku ambayo mteja alipanda. Ni zile siku za uvumilivu alizosema fundi. Nimezihesabu, si chache. Na kuna mteja mmoja amefanya hivyo miezi mitatu mfululizo: anaacha kadi igome, anakaa siku kumi, anapanda, mwisho wa mwezi anashuka. Sikuwahi kufikiri mtu angeligundua.

---

Salma_M

Nimerudi na majibu. Wametokea wateja 17, kati yao 6 ankara zao bado ziko wazi na majaribio yanaendelea, hao nimewaacha. Waliobaki ni 11. Tisa walipanda kifurushi, wawili walishuka na wana salio ambalo hawakulilipia.

Nimetoa ule mstari wa kufuta majaribio na sasa yanafuata ankara. Kitufe cha kupanda kinaonyesha mistari mitatu, na kwanza kinatoza deni. Nimejaribu kwa kadi ya majaribio inayogoma: kifurushi kimebaki cha zamani, ankara imebaki wazi, ndivyo nilivyotaka.

Wale tisa nimeamua kutowadai ya nyuma. Mimi ndiye niliyewafungia ankara na kuwaambia wako sawa, baadhi ni miezi minne sasa. Wale wawili wa salio ndio wananisumbua. Salio bado lipo, linaendelea kulipia huduma, na kwenye akaunti yao wanaliona limeandikwa kuwa ni lao.

---

Mhasibu_Tatu

Kwa wale tisa, toa krediti noti kwa ankara zile, usiziache "hazikukusanyika" kama ulikusudia kusamehe. Deni lililosamehewa na deni lililoshindikana ni vitu viwili vitabuni.

Kwa wale wawili mimi ningeliondoa salio, nikiwaandikia kwanza na kuwapa tarehe. Hakuna fedha iliyoingia nyuma yake.

---

mteja_mchovu

Mimi ningekuwa mmoja wa hao wawili ningekasirika. Mmeniandikia nina 4,000, nimepanga mambo yangu nikijua miezi hii nimelipiwa, halafu mnaichukua. Kosa si langu.

---

fundi_mkongwe

Hapo mimi niko na mteja kwa sehemu iliyokwisha kutumika, na niko na mhasibu kwa iliyobaki. Salma, kabla ya kuamua angalia kitu kimoja: hao wawili, baada ya ile 9,000 kugoma, walitumia kifurushi kikubwa zile siku 10 au hawakuingia kabisa? Kama hawakuingia, huenda walikuwa wanataka kushuka tangu tarehe 1 na kadi iliyogoma ndiyo iliyowakumbusha.

---

Salma_M

Nimeangalia. Mmoja aliingia kila siku. Mwingine aliingia mara moja tu, tarehe 11, akashuka kifurushi na kutoka. Huyu wa pili nitampigia simu kesho.